Mkono Uliofunga Nyonga

"Lul, abaayo, dada yangu, hivi wewe unamfundisha yule mtoto mpira au unafukuza mbuzi?"

Bishara aliuliza swali hilo akiwa upande wake wa ukuta, mguu mmoja ukiwa bado kwenye kanyagio la cherehani. Ilikuwa jioni ya Jumatatu, na Lul Sakariye alikuwa ndiyo kwanza anaingia nyumbani kwake hapa Galbet, mtaa wa Garissa, viatu vimejaa mchanga na sauti imemkauka kama aliyemeza majivu. Alijaribu kujibu, sauti ikagoma. Akainua mkono, akaushusha, akaingia ndani kunywa maji.

Bishara hakuwa na ubaya. Kelele za Lul uwanjani humfika mpaka chumbani kwake cha kushonea. Siku hiyo, kuanzia saa tisa na nusu mpaka karibu na adhana ya magharibi, alikuwa amemsikia jirani yake akipaza neno lile lile: "Nyonga! Nyonga, Hani! Geuza nyonga!" Mtu aliyekuwa akipita na mkokoteni wa punda alisimama kuuliza kama kuna mtu ameumia.

Lul ni mwalimu. Ana miaka arobaini na minne, watoto wanne, na mume, Abdikarim, mfanyabiashara wa mifugo ambaye siku nyingi huwa njiani. Anafundisha Kiswahili na michezo katika shule ya kutwa, kwa vijana wa gredi ya saba hadi ya tisa. Alipokuwa mdogo alicheza mpira na kaka zake kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, mpira wa matambara, mpaka siku alipotimiza miaka kumi na miwili na mama yake akamwita ndani akamwambia basi, inatosha. Hakulia. Alienda kuosha vyombo. Lakini mguu una kumbukumbu yake, na alipokuja kuwa mwalimu na kupelekwa kwenye mafunzo ya ukocha ya wiki moja, alikaa mstari wa mbele akaandika kila kitu, madaftari mawili, huku wanaume walioketi nyuma wakisinzia.

Ndani ya madaftari yale kulikuwa na jambo moja lililomkaa moyoni, nalo ni namna ya kupiga mpira kwa mgongo wa mguu, pale zinapofungwa kamba za kiatu. Watu wengi hudhani mpira huenda kwa nguvu ya paja. Si hivyo. Mpira hauna macho ya kuona paja. Mpira unajua kitu kimoja tu: mguu ulikuwa unakuja kwa kasi gani ulipougusa, na je, kifundo kilikuwa kimekazwa au kimelegea. Basi kazi yote ya mpigaji ni kuifanya ile sehemu ya mwisho, mguu wenyewe, iende mbio kupita sehemu nyingine zote za mwili.

Lul aliwafundisha wasichana wake hatua kwa hatua. Unaujia mpira kwa pembeni kidogo, si kwa kuuelekea moja kwa moja. Hatua ya mwisho iwe ndefu. Mguu wa kusimamia unatua ubavuni mwa mpira. Wakati huo nyonga ya mguu unaopiga iko nyuma, imevutwa, na goti limekunjwa, kisigino kinaelekea makalio. Kisha nyonga inazunguka kuja mbele, inaliburuta paja. Paja linakuja, na likikaribia mpira linapunguza mwendo. Hapo ndipo muundi, ule mguu wa chini ya goti, unapochomoka kama mjeledi. Vyote vinakwenda kwa zamu, kila kimoja kinampa mwenzake mwendo wake.

"Tuambie, Hani. Kwanza nini?"

"Nyonga, mwalimu."

"Halafu?"

"Paja. Halafu muundi. Na kifundo kikazwe, vidole viangalie chini."

Hani alikuwa akiyasema hayo bila kukosea, kama mtoto aliyehifadhi sura yake ya chuoni. Kisha alikuwa akirudi nyuma hatua nne, anaujia mpira, na mguu unatoka mzima mzima, umenyooka, kama mchi unaotwanga kando. Mpira ulikwenda ukitambaa. Rukiyo, kipa wa timu, alikuwa akiungoja huku amejishika kiuno.

"Hani, huu umeupiga au umeuaga?" Rukiyo alikuwa akisema, na wenzake wanacheka.

Lul hakucheka. Alikuwa na sababu.

Hani alikuwa gredi ya tisa. Baba yake, Awil, alikuwa na ng'ombe wake huko Sangailu, na alikuwa amemwacha binti kwa bibi yake Garissa amalize shule ya hapa. Zaidi ya hapo hakuahidi. Alimpigia Lul simu mwenyewe akasema bila kuficha, "Mwalimu, mitihani ikiisha ninakuja kumchukua. Sina namna ya kumlipia bweni." Lakini kulikuwa na shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Murang'a iliyokuwa ikitafuta wachezaji, na msichana aliyechaguliwa alisomeshwa hapo mpaka mwisho bila ya mzazi kutoa chochote. Mwalimu wao alikuwa anakuja Garissa Jumamosi, siku moja tu. Kila shule ilete jina moja. Lul alikuwa ameandika jina la Hani, kwa sababu Hani alikuwa na macho ya mpira: alijua pasi inakwenda wapi kabla anayeipiga hajajua. Kasoro yake ilikuwa hiyo moja. Hakuweza kupiga. Na barua ya shule hiyo ilisema wazi kwamba kila msichana atapewa mipira mitano ya kupiga langoni kutoka nje ya eneo la hatari.

Wiki tatu nzima Lul alihangaika. Alibadilisha hatua za kukimbilia, nne zikawa tatu, tatu zikawa tano. Alichora mstari kwenye mchanga kwa fimbo. Alimshika Hani kiunoni kwa mikono yake miwili akaizungusha nyonga kama anayezungusha jiwe la kusagia. Ikizungushwa ilizunguka, akiiachia, ilikauka.

Gitau, mwalimu wa sayansi, mtu wa Nyeri mwenye moyo mzuri na ushauri mwingi, alikuja kusimama kando ya uwanja na kikombe chake cha chai.

"Madam Lul, huyo msichana hana misuli. Mpe mazoezi. Abebe mtungi wa maji apande nao ngazi za jengo la utawala."

"Mwalimu Gitau, si suala la misuli."

"Nguvu ni nguvu, madam."

Kwa kuwa alikuwa amechoka na hakuwa na lingine, Lul akakubali. Siku kumi Hani alipanda ngazi na mtungi wa lita ishirini, anashuka, anapanda. Mapaja yakawa magumu kama ya ngamia wa safari. Walipoweka mpira chini, akaupiga, ukatambaa vile vile.

"Ajabu," akasema Gitau, akanywa chai yake.

"Ajabu?" Lul alimgeukia. "Umenichosha mtoto siku kumi unaniambia ajabu?"

"Basi labda ni kiatu."

Lul alitoka uwanjani akaenda kukaa nyuma ya choo cha walimu, peke yake, akasema astaghfirullah mara thelathini na tatu, kwa sababu maneno yaliyokuwa kwenye ncha ya ulimi wake hayakuwa ya kumwambia mtu mwenye mke na watoto.

Jioni ile ya Jumatatu, baada ya kunywa maji, Lul aliamua. Angeandika jina la Rukiyo badala ya Hani. Rukiyo alikuwa kipa na hakuwa na macho ya Hani, lakini mpira wake wa kuanzia langoni ulivuka katikati ya uwanja kila siku. Watu walisema ni kwa sababu ana mifupa mikubwa, kwao ni watu warefu. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Jumanne baada ya alasiri, Lul alikwenda kwa Sahro, bibi yake Hani, ili amwambie habari hiyo mwenyewe. Aliona ni dharau kumwacha mtoto apeleke ujumbe wa namna hiyo. Sahro alimkaribisha uani, ndani ya uzio wa mabati ambako hakuna mwanamume anayeona, akamwekea mkeka na kikombe cha chai ya maziwa yenye iliki. Waliulizana hali: ya watoto, ya mume, ya mifugo, ya mvua. Alhamdulillah kwa kila moja. Lul alikuwa akilitafuta neno la kuanzia, na neno halikuja.

Hani alikuwa upande wa jikoni akiosha sufuria. Kichwani alikuwa amejifunga kitambaa kimoja tu, kimekazwa nyuma ya shingo kama wanawake wanavyojifunga nyumbani wakiwa na kazi. Mlangoni, beberu wa jirani akaingiza kichwa, akauona unga uliokuwa umeanikwa, akaingia mzima.

"Hani! Mbuzi!" akaita Sahro.

Hani hakuwa na jiwe karibu. Alikuwa na mpira wake wa zamani, uliotoboka na kuzibwa, umelala kando ya pipa. Aliruka hatua mbili, akaugonga.

Lul aliusikia kabla ya kuuona. Pah! Mpira ulipita juu ya mgongo wa beberu, ukalipiga lango la bati, na lango likalia hata kuku wa nyumba ya tatu wakapiga kelele. Beberu alitoweka. Sahro alishika kifua.

"Wewe mtoto! Unataka kutubomolea nyumba?"

Lul alikuwa amesimama. Chai imemwagika kwenye mkeka na hana habari.

"Rudia," akasema.

"Mwalimu?"

"Nimesema rudia. Ule ule. Piga lango."

"Lango langu?" akauliza Sahro.

"Ayeyo, bibi yangu, niwie radhi. Nitalilipa. Rudia, Hani."

Hani akauleta mpira, akauweka, akarudi nyuma, akaupiga. Pah! Sasa Lul aliona. Mkono wa kushoto ulifunguka kando na nyuma kidogo kama anayesukuma mlango, kifua kikafunguka nao, nyonga ya kulia ikavutika nyuma upande wa pili, mwili mzima ukawa kama upinde uliovutwa. Kisha mkono ukarudi mbele, nyonga ikazunguka ikaja, paja likafuata, goti likatangulia mpira, na muundi ukachapa. Mambo yote ya daftari, mtoto anayafanya uani kwa bibi yake, na sabuni mikononi.

Mguu ule ule. Mtoto yule yule. Lul alihisi damu inampanda. Alitaka kucheka na alitaka kumpiga mtu kofi.

"Nenda ukavae hijabu yako ya shule," akasema.

Hani akaingia ndani akatoka na hijabu ya kijani, ile ndefu inayofika kiunoni, pana, nyepesi. Akauweka mpira. Akarudi nyuma. Na alipoanza kuuendea, bila ya yeye mwenyewe kujua, mkono wa kushoto ukapanda ukashika hijabu chini ya kidevu, ukakaa hapo, kiwiko kimeng'ang'ania mbavu. Bega halikufunguka. Kifua kilikuwa kimefungwa, na nyonga, isiyokuwa na kitu cha kuivuta upande wa pili, ikabaki pale pale. Mguu ukatoka peke yake kama mchi. Mpira ukaenda ukitambaa, ukagusa lango kama mgeni mwenye haya.

"Subhanallah," akasema Lul taratibu. "Hani. Ni nani aliyekufundisha kushika hijabu hivyo ukipiga?"

Hani alimtazama mwalimu wake, akamtazama bibi yake, akaangalia chini.

"Ni wewe, mwalimu."

Na kweli alikuwa ni yeye. Mwaka uliotangulia, katika mchezo na timu ya wageni, upepo ulikuwa mkali, na msichana mmoja anayeitwa Kaaha alipiga mpira, hijabu ikateleza ikaanguka mbele ya watu, wanaume na vijana wamejipanga kando ya uwanja. Kesho yake baba yake Kaaha akaja shuleni, hakupaza sauti, akasema tu kwamba binti yake hatacheza tena. Wazazi wengine wanne wakafuata. Timu ilibaki na wasichana tisa. Lul aliogopa. Akatoa amri: kuanzia leo, kila mtu kabla hajapiga mpira, mkono wa kushoto kidevuni, shika hijabu yako. Na aliisimamia amri ile kwa ukali, kila siku, mpaka ikawaingia kwenye mwili kama bismillahi kabla ya chakula. Wazazi wakatulia. Wasichana wakarudi, isipokuwa Kaaha. Lul akamshukuru Mungu, akasahau.

Ni Rukiyo peke yake aliyeachwa nje ya amri, kwa sababu kipa anahitaji mikono miwili. Yeye aliruhusiwa kuichomeka hijabu ndani ya jezi, na kwa kuwa hakukimbia sana, haikuchomoka. Mifupa mikubwa! Lul alikumbuka maneno hayo akatamani kujificha. Mwaka mzima alikuwa anapiga kelele "nyonga, nyonga," na mkono ulioifunga ile nyonga ni yeye aliyeuweka pale.

Alikaa chini. Alimweleza Sahro yote, kwa uchungu, kama anayeungama deni la mtu aliyekufa. Sahro alisikiliza huku akikausha mkeka kwa kitambaa. Bibi huyu alizaliwa porini, akachunga ngamia mpaka alipoolewa, na mwanawe mmoja alikuwa akiendesha mkokoteni wa maji.

"Kwa hiyo unasema ni kama mjeledi wa punda," akasema mwishoni.

"Ndiyo, ayeyo."

"Mjeledi haulizwi na mkono ulioganda. Mwanangu akiuzungusha, bega linatangulia, mkono unafuata, halafu mkono unasimama ghafla na ncha ndiyo inayokwenda kulia. Ukimfunga bega kwa kamba, atampapasa punda, hatampiga." Akamtazama Lul. "Hilo hata mimi ningekuambia, mwalimu, bila ya daftari. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," akasema Lul.

"Lakini nikuambie na lingine. Mjukuu wangu hatatoka mbele ya watu na kitambaa cha jikoni. Hilo hapana. Hata kama ni shule ya mfalme."

"Sikuombi hilo, ayeyo. Wallahi sikuombi."

Usiku huo huo Lul aligonga ukutani kwa Bishara. Kesho yake asubuhi, kabla ya shule, walikuwa wamekaa na kitambaa cha jezi kinachovutika, Bishara na utepe wake shingoni, midomo imejaa pini.

"Nieleze tena. Kisishuke, kisipande, kisipepee."

"Kifunike kichwa, shingo na kifua. Chini kiingie ndani ya jezi. Usoni pawe na lastiki. Kusiwe na pini hata moja, mtoto asichomwe. Na mikono iwe huru."

"Na wewe ulikuwa na jirani fundi mwaka mzima?"

"Bishara, usianze."

"Sianzi. Nauliza tu. Ulikuwa na jirani fundi, ukaona heri uwafunge watoto mikono?"

Bishara alikuwa rafiki wa kutosha kuacha hapo. Alishona. Alasiri Sahro akaletewa hijabu hiyo. Alimvisha Hani, akamzunguka, akashika kile kitambaa juu ya kichwa akakivuta kwa nguvu zake zote hata shingo ya mtoto ikapinda. Hakikutoka. Akamwambia aruke. Akaruka. Akamwambia asujudu, akasujudu.

"Hiki ni sitara kuliko kile kingine," akasema. "Kile kikubwa upepo ukija ni tanga. Haya, mpelekeni."

Ilikuwa Jumatano. Jumamosi imebaki siku tatu. Na hapo ndipo Lul alipojua kwamba kuondoa amri ni kazi kuliko kuiweka. Hijabu mpya haikuhitaji kushikwa, na bado mkono wa Hani ulipanda wenyewe. Lul akamwambia asishike. Akaacha mara moja, mara ya pili ukapanda. Wenzake walikuwa hivyo hivyo. Kundi zima la wasichana wanaokimbilia mpira wamejishika kidevu kama wanaoumwa meno. Lul aliwatazama akasema, "Ya Rabbi, ni mimi niliyefanya haya," akaketi kwenye mchanga.

"Mwalimu, tukufunge na wewe mkono?" akauliza Rukiyo.

"Nyamaza, Rukiyo."

Lakini yale maneno yalimpa wazo la kinyume. Alimpa Hani chupa tupu ya maji aishike mkono wa kushoto. "Ukiujia mpira, ipeleke chupa kando, mbali nawe, kama unampa mtu aliye nyuma yako. Ukipiga, irudishe mbele ya kifua." Mkono uliokuwa na kitu haukupanda kidevuni. Mara ya saba mpira ukatoka kwa mlio. Rukiyo aliudaka, akaudondosha, akatikisa vidole vyake.

"Aaa, Hani! Mimi nilikuwa nakutania tu!"

Alhamisi alipiga na chupa. Ijumaa, baada ya sala, alipiga bila chupa, na kati ya mipira kumi, sita ilikwenda. Minne mkono ulirudi nyumbani kwake kwa zamani.

Jumamosi, mwalimu aliyekuja alikuwa mwanamke mfupi anayeitwa Shiko, kofia kichwani, daftari chini ya kwapa, mtu wa maneno machache. Aliwaweka wasichana kumi na mmoja katika mchezo mdogo kwanza, akatazama, akaandika. Kisha akafunga kamba kando ya uwanja.

"Makocha wote nyuma ya kamba. Na tafadhali, nikisikia kocha anapiga kelele, msichana wake nimemwondoa."

Kwa Lul hiyo ilikuwa ni kama kuambiwa asipumue. Gitau alikuwa kando yake na chai.

Hani akaweka mpira wa kwanza. Akarudi nyuma. Akaujia, na mkono ukapanda kidevuni. Mpira ukatambaa mpaka kwa kipa, ambaye aliinama akauokota. Lul aliuma pindo la shela yake.

Mpira wa pili, mkono ulipanda nusu, ukajikumbuka, ukashuka. Nyonga ikachelewa, muundi ukatangulia kabla ya zamu yake. Mpira uliruka juu, ukapotea nje kwenye miiba. Wasichana wa shule nyingine walicheka. Lul alikuwa anatafuna kitambaa waziwazi.

"Mtoto anaogopa," akanong'ona Gitau. "Angepiga tu kwa nguvu."

"Mwalimu Gitau," Lul akasema kwa sauti ya chini kabisa, "nakuomba kwa Mungu, kunywa chai."

Hani aliinama akachukua konzi ya mchanga kwa mkono wake wa kushoto. Akaukunja ngumi. Lul alielewa kabla ya wengine wote: mtoto amejipa chupa. Akarudi nyuma hatua nne. Alipouendea, ngumi ilikwenda kando, mbali, mchanga ukivuja kati ya vidole, kifua kikafunguka, nyonga ikavutika ikazunguka, paja likaja likasita, muundi ukachapa. Kipa hakusogea. Wavu ukatikisika baada ya mpira kuwa umekwisha kufika.

Wa nne, hivyo hivyo, chini kulia. Wa tano ulipiga mtambaa panya, mlingoti wa juu wa goli, ukarudi karibu mpaka pale Hani alipokuwa amesimama, na goli zima likabaki linatetema.

Shiko aliandika. Aliandika muda mrefu. Kisha akaja mpaka kwenye kamba.

"Huyu ni wa nani?"

"Wangu," akasema Lul, kitambaa kikiwa bado mdomoni.

"Kichwa cha mpira anacho. Nitamchukua. Baba yake aje Jumatatu kutia sahihi, au atume mtu." Lul alikuwa anataka kusema alhamdulillah, lakini Shiko hakuwa amemaliza. "Lakini huo mguu ni wa wiki hii, sivyo? Mwili wake bado haujauamini. Msichana wa umri huu angekuwa nao mwaka mzima sasa. Ilikuwaje akacheleweshwa hivyo?"

Gitau alitazama chai yake. Lul angeweza kusema mambo mengi: upepo, wazazi, uwanja wenye mawe, viatu. Yote ni kweli.

"Ni mimi niliyemchelewesha," akasema.

Shiko alimtazama, akatikisa kichwa mara moja kama mtu anayepokea, akaenda kumwita msichana mwingine.

Awil alikuja kutoka Sangailu kwa lori la mifugo, akatia sahihi, akamshukuru Lul kwa maneno mengi ambayo Lul hakuweza kuyapokea. Watu wa mtaa walimsifu. Mwalimu mkuu akataka atajwe kwenye mkutano wa wazazi. Kila aliposifiwa Lul aliona wale wasichana wengine, Kaaha aliyeacha, wale wa gredi ya nane ambao hata sasa mikono yao inapanda kidevuni, na waliokwisha kumaliza shule wakiambiwa hawana misuli. Hasira zake hazikuisha. Zilibadilika tu zikawa na anwani.

Basi siku ya mkutano, wazazi wameketi katika madarasa mawili yaliyounganishwa, wanaume upande huu na wanawake upande ule, mwalimu mkuu akamwita mbele apigiwe makofi. Baba yake Kaaha alikuwa mstari wa pili. Lul hakungoja makofi yaishe. Alitoa mfukoni kile kitambaa cha jezi alichoshona Bishara, akakiinua wakione, akasema:

"Wazazi wangu, ninaomba ruhusa yenu kwamba kila msichana wa timu avae hiki badala ya hijabu ndefu anapocheza, na ninaomba mje mkivute wenyewe muone kama kinatoka. Na wewe baba Kaaha, ninakuomba unirudishie binti yako."